Umeweka fonti ya disleksia na msomaji bado anakwama? Kagua nafasi kwanza

Nimekuwa nikiandaa matini za kusoma kwa watoto na watu wazima wenye disleksia kwa miaka kadhaa, na malalamiko yanayonifikia hufanana sana. Mtu amepakua fonti maalumu, ameiweka kwenye waraka au kwenye programu ya kusomea, kisha anangoja mabadiliko ambayo hayaji. Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na ile inayojitokeza mara nyingi zaidi. Katika kila dalili, anza na ukaguzi mwepesi kabla ya kugusa mipangilio mikubwa.

## Dalili ya 1: Fonti maalumu imewekwa, lakini kasi na makosa ni yaleyale

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: umbo la herufi halikuwa tatizo. Fonti kama OpenDyslexic na Dyslexie zimechorwa na herufi nzito sehemu ya chini, kwa wazo kwamba uzito huo utazizuia "kugeuka" machoni, b isionekane d. Wazo hilo linavutia. Ila disleksia kwa walio wengi ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake, na kuchanganya b na d ni jambo la kila mtoto anayeanza kusoma, awe na disleksia au asiwe nayo. Kuipa herufi kitako kizito hakumpi msomaji sauti anayoitafuta.

Utafiti ulioniondolea mashaka ulichapishwa mwaka 2016 na Eva Marinus na wenzake. Watoto 39 waliokuwa nyuma katika kusoma walisomeshwa matini zilizolingana kwa ugumu, nyingine kwa Dyslexie na nyingine kwa Arial. Kwa Dyslexie walisoma maneno 7% zaidi kwa dakika kuliko kwa Arial ya kawaida. Mtu angeishia hapo angesema fonti imeshinda. Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua Arial hiyohiyo wakaipanua nafasi kati ya herufi na kati ya maneno hadi ikalingana na ya Dyslexie, na tofauti ya maana ikatoweka. Kilichokuwa kinasaidia ni nafasi iliyokuja pamoja na fonti, wala si mchoro wa herufi. Mwaka 2018 Kuster na wenzake wakawapima watoto wengi zaidi na hawakuona Dyslexie ikiwasaidia, wenye disleksia wala wasio nayo. OpenDyslexic nayo ilipimwa na Wery na Diliberto, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Hapo walipimwa wanafunzi wachache, lakini hawakuona kasi ikiongezeka wala usahihi.

*Ukaguzi mwepesi.* Weka aya moja kwa Arial au Verdana ya pointi 14, kisha panua nafasi kati ya herufi. Katika Word, teua maandishi, bonyeza `Ctrl+D`, nenda `Advanced`, na kwenye `Spacing` chagua `Expanded`, kisha andika `1.5 pt`. Usibadilishe kitu kingine. Mpe msomaji asome.

Kwa nini nafasi isaidie? Herufi zikibanana, zile za pembeni huingilia utambuzi wa ile ya katikati. Jicho la kila mtu lina kizuizi hicho, na kwa baadhi ya wenye disleksia kinaonekana kuwa kikubwa zaidi. Mwaka 2012 Zorzi na wenzake waliwapa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia matini ya pointi 14 iliyoongezwa pointi 2.5 kati ya herufi. Kasi ilipanda kwa zaidi ya 20%, na makosa yakapungua kwa nusu. Watoto wasio na disleksia waliokuwa katika kiwango kilekile cha kusoma hawakunufaika. Tafiti zilizofuata zimepata faida ndogo zaidi, na si kwa kila mtoto, kwa hiyo usimwahidi mzazi hiyo 20%. Kwetu sisi utafiti huo una uzito wa pekee kwa sababu Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Katika lugha za namna hii disleksia huonekana zaidi kama usomaji wa polepole na wa kuchosha kuliko kama makosa mengi, na ndiyo maana kupima kasi ni lazima.

Sababu ya pili: hujapima, unahisi tu. Msomaji akiipenda sura mpya ya ukurasa atasema inasaidia, na mzazi ataona anachotamani kuona. Fanya hivi. Chukua vipande vinne kutoka kitabu kimoja, kila kimoja maneno 150, ambavyo msomaji hajawahi kuviona. Viwili viache na mpangilio wa zamani (A), viwili viwe na mpangilio mpya (B). Visomwe kwa sauti kwa mfuatano A, B, B, A, mapumziko mafupi yakiwa katikati. Mfuatano huo unazuia uchovu au mazoea kupendelea upande mmoja. Andika sekunde na idadi ya maneno yaliyokosewa.

Tuseme vipande vya A vimechukua sekunde 128 na 122, wastani 125. Hiyo ni maneno 72 kwa dakika. Vya B vimechukua 114 na 110, wastani 112, sawa na maneno 80 kwa dakika. Kama makosa hayakuongezeka, una sababu ya kuendelea na B. Rudia siku nyingine kwa vipande vipya kabla ya kuamini. Ikiwa A moja imechukua sekunde 105 na nyingine 145, tofauti ndani ya A ni kubwa kuliko ile unayoitafuta, na jaribio hilo halijakuambia chochote. Vipande havikulingana kwa ugumu, au mtoto alikuwa amechoka.

Sababu ya tatu: fonti ya kawaida uliyochagua ina herufi zinazofanana mno. Hili ni dogo, lakini kwa Kiswahili linauma. Andika neno *Ili* kwa Arial ulitazame kwa karibu: I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili zinazokaribia kuwa sawa kabisa. Sentensi zetu ngapi huanza na *Ili*, *Ilikuwa*, *Ilipofika*? Verdana huipa I kubwa vijimstari juu na chini, kwa hiyo inajitenga. Fonti za kawaida hazihitaji kuogopwa. Rello na Baeza-Yates waliwapima watu 48 wenye disleksia kwa fonti 12 mwaka 2013, wakifuatilia mwendo wa macho, na Arial, Helvetica, Verdana na Courier zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri. Herufi za mlazo ziliwachelewesha. Ukitaka kukazia neno, tumia herufi nene, uache mlazo.

Je, uiondoe OpenDyslexic kwa mtu anayeipenda? Hapana. Msomaji akiniambia anajisikia vizuri nayo, na vipimo havionyeshi kwamba inamchelewesha, ninamwachia. Ninachokataa ni kulilazimisha darasa zima, au kuiweka kisha kuona kazi imekwisha.

## Dalili ya 2: Umepanua nafasi, na sasa maneno yameungana

Hii huja siku ileile mtu anapogundua nafasi kati ya herufi. Anaongeza, anaongeza tena, kisha msomaji anaanza kuunganisha mwisho wa neno moja na mwanzo wa lingine.

Sababu kuu: nafasi kati ya herufi imekua, nafasi kati ya maneno imebaki nyuma. Tazama:

```text
m t o t o  w a  k w a n z a
m t o t o w a k w a n z a
```

Mstari wa pili hauna maneno tena. Na Kiswahili hakisamehi kosa hili. Maneno yetu mengi sana huishia kwa irabu, kwa hiyo umbo la mwisho wa neno halitoi dokezo kwamba neno limekwisha. Halafu *wa*, *na*, *ya*, *ni* huweza kusimama peke yake kama neno, au kuwa kiambishi ndani ya neno refu. Msomaji anayesita kati ya *na soma* na *nasoma* anaamuliwa na nafasi peke yake.

*Ukaguzi mwepesi.* Sogeza ukurasa mbali hadi usiweze kusoma, au kunja macho. Kila neno lionekane kama bonge moja, na mapengo kati ya mabonge yawe dhahiri. Kama unaona mvua ya nukta zilizotawanyika sawasawa, umepitiliza.

Kanuni ninayoifuata inatoka kwenye mwongozo wa British Dyslexia Association: nafasi kati ya maneno isiwe chini ya mara 3.5 ya nafasi kati ya herufi. Word ikipanua maandishi huongeza kiasi kilekile kwa kila alama, hata kile kitupu kati ya maneno, kwa hiyo uwiano unazidi kudorora kadiri unavyopanua.

*Tiba ya kina katika Word.* Panua herufi kwanza kama nilivyoeleza. Kisha fungua `Ctrl+H`. Kwenye `Find what` gonga kitufe cha nafasi mara moja. Kwenye `Replace with` gonga tena mara moja, bofya `More`, `Format`, `Font`, `Advanced`, weka `Expanded` na `4 pt`, halafu `Replace All`. Nafasi zote kati ya maneno zitapanuka, herufi zibaki zilivyo. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye waraka wenyewe, kwa sababu majedwali na vichwa vya habari vitasogea.

Google Docs haina kidude cha kupanua herufi moja kwa moja. Njia ya kuzunguka ni familia ya fonti iitwayo Lexend, unayoipata kwenye `More fonts`. Lexend Deca ina nafasi ya wastani, Lexend Exa ni pana zaidi, na Giga ni pana kuliko hiyo. Ninaitumia kwa ajili ya nafasi yake tu. Anza na Deca, na ukivuka Exa pima upya.

Kwa kurasa za wavuti na vitabu vya EPUB, viwango vya WCAG 2.1 vya mwaka 2018, vinavyohusu kurasa kutumika na watu wenye ulemavu, vinataka ukurasa ustahimili msomaji anapoweka nafasi hizi bila maandishi kukatika wala kufichwa:

```css
p {
  letter-spacing: 0.12em;
  word-spacing: 0.16em;
  line-height: 1.5;
  margin-bottom: 2em;
}
```

Viwango hivyo vinahusu uvumilivu wa ukurasa. Havidai kwamba kila mtu asome kwa vipimo hivyo. Kama mahali pa kuanzia vinafaa: kwa pointi 14, 0.12 ni karibu pointi 1.7, yaani jirani kabisa na ile 1.5 tuliyoanza nayo.

Sababu nyingine, adimu kidogo: umepanua kupita kiasi. Ukizidi mno, neno refu linapoteza umoja wake. *Wanapotuandalia* likitawanywa kwa pointi 4 linakuwa foleni ya herufi, na msomaji anarudi kutamka moja moja. Rudi nyuma nusu pointi kila mara hadi kasi irudi.

## Dalili ya 3: Anapoteza mstari, anaruka au anarudia uleule

Kagua urefu wa mstari kabla ya kitu kingine chochote. Mstari mrefu unalilazimisha jicho kurudi safari ndefu kwenda mwanzo wa mstari unaofuata, na njiani linapotea. Mwongozo huohuo wa Uingereza unashauri herufi 60 hadi 70. Mimi hushuka hadi 50 kwa msomaji anayepotea sana. Schneps na wenzake waliwapima mwaka 2013 wanafunzi wa sekondari wenye disleksia kwa kifaa kidogo cha mkononi chenye mistari ya maneno machache tu, na mistari mifupi iliwasaidia, hasa wale ambao macho yao hushika herufi chache kwa mara moja. Kwa hiyo mtoto anayesema anasoma vizuri zaidi kwenye simu kuliko kwenye karatasi asipuuzwe. Huenda ni kweli.

Pili, tazama ukingo wa kulia. Kama umenyooka kama ukuta, programu imezivuta nafasi kati ya maneno ili kuujaza mstari. Kiswahili kinaumia hapa kuliko lugha zenye maneno mafupi: *atakayewasindikiza* likikosa kuingia linashuka zima, na mstari ulioachwa unabaki na maneno manne yaliyotengana mithili ya meno yaliyong'oka. Mapengo hayo yakipangana mstari kwa mstari yanakuwa mfereji mweupe unaolivuta jicho kushuka chini. Bonyeza `Ctrl+L` upangilie kushoto. Ni sekunde moja, na kwa baadhi ya wasomaji wangu imefanya kazi kubwa kuliko fonti zote walizowahi kuzijaribu.

Tatu, urefu kati ya mistari: 1.5. Ukipanua herufi bila kupanua mistari, mapengo ndani ya mstari yatakaribia yale ya juu na chini, na jicho litateleza.

Tatizo likiendelea, Immersive Reader ndani ya Word ina `Line Focus` inayoacha mstari mmoja, mitatu au mitano tu ikionekana, na `Column Width` ya kufupisha mistari. Kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa chini ya mstari hufanya kazi hiyohiyo kwenye kitabu cha kawaida.

## Dalili ya 4: Mipangilio haikubali, au inapotea kwenye kompyuta nyingine

Jaribu kuteua neno moja kwa kidole au kipanya. Neno lisipoteuka, ukurasa ni picha iliyoskaniwa, na hakuna fonti ya kubadilisha hadi picha igeuzwe kuwa maandishi. Likiteuka lakini faili ni PDF, kurasa zimegandishwa. Tafuta waraka wa awali, au jaribu `Reflow` kwenye Acrobat ili mistari ijipange upya.

Kwenye Apple Books, nafasi ya herufi na maneno haionekani mpaka ufungue `Themes & Settings`, kisha `Customize`, na kuwasha swichi ya mpangilio. Wengi huishia kwenye orodha ya fonti wakadhani hakuna zaidi.

Word ina mtego mmoja ulionigharimu alasiri nzima. Niliandaa matini kwa fonti niliyoipakua, nikaituma, na msomaji akaniambia imebanana. Nilipofika kwenye kompyuta yake, kisanduku cha jina la fonti kilionyesha jina lilelile, ilhali herufi zilizokuwa mbele yangu zilikuwa za fonti tofauti kabisa. Fonti ikikosekana, Word huweka nyingine mahali pake na kuacha jina kama lilivyo. Kwa hiyo amini macho, usiamini kisanduku. Dawa: `File`, `Options`, `Save`, washa `Embed fonts in the file`. Au tumia Verdana, ambayo ipo kwenye kompyuta nyingi.

## Wakati wa kuacha kugusa mipangilio

Ukurasa uliopangwa vizuri unapunguza mzigo. Haufundishi kusoma. Mtoto ambaye bado hawezi kuunganisha *m* na *ba* kupata *mba* anahitaji kufundishwa sauti na silabi kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na mtu anayejua kazi hiyo. Nimeona familia zikipoteza muhula mzima zikibadilisha fonti na rangi za kurasa huku somo lenyewe likingoja. Ukishafanya jaribio la A, B, B, A mara mbili au tatu bila tofauti ya maana, acha. Mpeleke kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma apimwe.

Nenda kwa daktari wa macho kabla ya kugusa fonti tena ikiwa msomaji anasema herufi zinaonekana mbilimbili au zinafifia, anaumwa kichwa kila anaposoma, anafunga jicho moja, au analeta kitabu karibu na pua. Hizo zinaweza kuwa dalili za macho, na disleksia haizielezi.

Na mtu mzima aliyekuwa akisoma vizuri, kisha ghafla maandishi hayaeleweki au maneno hayamtoki, hana disleksia ya kutafutiwa fonti. Huenda ni kiharusi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.